Wakala wa ajira akitaka hati za mshahara kabla ya usaili: namna ya kumjibu

Ujumbe huja karibu kwa maneno yaleyale: "Tumeipenda sivii yako. Ili tuendelee na hatua inayofuata, tafadhali tuma hati zako za mshahara za miezi mitatu iliyopita." Usaili haujafanyika, mshahara wa nafasi haujatajwa, na pengine hata jina la kampuni inayoajiri hujaambiwa. Mwongozo huu unahusu hali hiyo: salari slipu inapoombwa mapema, kabla ofa haijawekwa mezani. Ikiombwa baada ya ofa ya maandishi, hesabu inabadilika, nayo tutaifikia mwishoni.

Hati ya mshahara hufanya kazi mbili kwa anayeipokea. Ya kwanza ni kuthibitisha: umesema unafanya kazi mahali fulani kwa cheo fulani, karatasi inaonyesha ni kweli. Ya pili ni kupanga bei: wanachukua unacholipwa leo, wanaongeza kidogo, na hicho ndicho watakachokupa. Uthibitisho unaweza kusubiri hadi ofa itoke bila kumuumiza mtu yeyote. Kupanga bei hakuwezi kusubiri, na ndiyo sababu kubwa ya kuombwa mapema. Kwa hiyo usikatae moja kwa moja. Sogeza hati iende mahali pake, yaani baada ya kiwango cha mshahara kuandikwa, na wakati huohuo mpe wakala kitu kingine cha kumwezesha kuendelea na kazi yake leo.

Hatua ya kwanza: jua nani anaomba

Usijibu suala la mshahara kabla ya kujua unaongea na nani. Wakala wa nje anatafuta watu kwa niaba ya kampuni nyingine. Afisa wa rasilimali watu ameajiriwa na kampuni yenyewe. Tapeli hana kazi ya kumpa mtu.

Mara nyingi wakala wa nje hulipwa asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa mtu aliyempata. Ukisikia hivyo unaweza kudhani atapigania ulipwe zaidi, lakini nyongeza ndogo kwenye mshahara wako humwongezea yeye kidogo sana. Nafasi ikifungwa haraka ndipo anapopata. Anachokiogopa ni kukupeleka kwa mteja wake, usailiwe mara tatu, kisha mwisho ukatae ofa kwa kuwa ni ndogo. Mara nyingi pia hana hoja yoyote, isipokuwa fomu ya mteja ina safu iliyoandikwa "mshahara wa sasa" naye anataka kuijaza. Wakala wa namna hii ni rahisi kumjibu: mpe kiwango unachotarajia, hofu yake itaisha.

Afisa wa ndani anaweza kuwa amefungwa na sera ya kampuni, kwa mfano kwamba mtu mpya haongezewi zaidi ya asilimia 20 juu ya alichokuwa analipwa. Hapo hati yako ndiyo itakayoamua mshahara wako, na una sababu nzuri zaidi ya kuichelewesha.

Tapeli anataka hati kwa sababu ya yaliyomo. Karatasi moja ya mshahara huwa na jina lako kamili, namba ya mlipa kodi, namba ya mfuko wa pensheni, namba ya mfanyakazi, akaunti ya benki, na wakati mwingine anwani ya nyumbani. Hayo yakiunganishwa na nakala ya kitambulisho, mtu anaweza kuomba mkopo kwa jina lako. Dalili yenye uzito mkubwa ni mchanganyiko wa mambo: anataka hati ya mshahara, kitambulisho na taarifa za benki kwa mpigo mmoja, hajakutumia maelezo ya kazi, na barua pepe yake haitoki kwenye tovuti ya kampuni anayodai kuiwakilisha. Akiomba na ada ya "kushughulikia maombi", mazungumzo yaishie hapo. Kama una shaka tu, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni, chukua namba ya simu iliyoandikwa pale, uulize kama mtu huyo anafanya kazi kwao. Namba aliyoiweka kwenye ujumbe wake isikutoshe.

Hatua ya pili: soma mkataba wako na sheria inayokuhusu

Fungua mkataba wako wa kazi wa sasa utafute kifungu cha usiri. Mikataba mingi inasema malipo ni siri kati yako na mwajiri. Kama kifungu hicho kipo, una sababu ya kweli ya kutotuma. Kama hakipo, usikibuni. Wakala akiuliza maswali mawili zaidi utakwama, na huhitaji uongo kwenye jambo ambalo haki iko upande wako.

Sheria hutofautiana sana. Jimbo la Kalifonia nchini Marekani limekataza tangu tarehe 1 Januari 2018 mwajiri kumuuliza mwombaji historia ya mshahara wake, na mwombaji akiomba kiwango cha mshahara wa nafasi kwa utaratibu unaofaa, anapaswa kupewa. Katika jimbo jingine la Marekani, Masachusetsi, kuanzia tarehe 1 Julai 2018, kama mwombaji hakuutaja mwenyewe kwa hiari, mwajiri anaruhusiwa kuthibitisha mshahara wa zamani baada tu ya kutoa ofa yenye malipo yaliyokubaliwa. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2023 agizo la uwazi wa mishahara, namba 2023/970, linalomzuia mwajiri kuuliza mshahara wa sasa au wa zamani, na nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 7 Juni 2026 kuliingiza kwenye sheria zao. Tazama utaratibu wa Masachusetsi: ofa kwanza, uthibitisho baadaye. Ndio huohuo tunaokushauri uuombe hata mahali ambapo hakuna sheria.

Kwingine kwingi hakuna katazo. Mwajiri yuko huru kuomba, wewe uko huru kukataa, naye yuko huru kukuacha. Lijue hilo kabla ya kuandika, kwa sababu ndilo linaloamua ukali wa maneno yako. Penye sheria unaweza kuitaja kwa upole. Pasipo sheria, kutaja "haki zangu" hakutakusaidia. Unachohitaji ni pendekezo linaloeleweka.

Hatua ya tatu: tayarisha namba yako

Anayekataa kutuma hati bila kuwa na namba ya kutoa badala yake huonekana anaficha kitu. Kwa hiyo kaa chini upige hesabu kabla ya kujibu.

Tuchukue mhasibu ambaye mshahara wake wa msingi ni 1,000 kwa mwezi, kwa fedha yoyote. Ana posho ya usafiri ya 150, hivyo mshahara ghafi ni 1,150. Kodi na pensheni vinakata 210, mkopo aliochukua kazini unakata 90. Kinachoingia benki ni 850. Kila Desemba hupata bonasi ya 1,200, ambayo ukiigawa kwa miezi 12 ni 100 kwa mwezi. Mwajiri pia humlipia bima ya afya ya 60 na kumchangia 100 kwenye pensheni. Kwa jumla, kazi aliyonayo ina thamani ya 1,410 kwa mwezi.

Sasa achukue hati za mwezi wa tano, wa sita na wa saba, azitume. Bonasi haipo humo, maana ni ya Desemba. Bima haipo, na mara nyingi mchango wa mwajiri nao hauonekani. Anayesoma anaweza kushika namba yoyote kati ya tatu. Akishika msingi na kuongeza asilimia 20, anapata 1,200. Akishika ghafi, 1,380. Akishika kilichoingia benki, 1,020, na hapo mhasibu wetu anaadhibiwa hata kwa mkopo wake binafsi, ambao hauhusiani kabisa na thamani ya kazi yake.

Tuseme ofa imekuja ya 1,200 ghafi, bila posho wala bonasi. Kwenye karatasi inaonekana kama nyongeza ya asilimia 20. Kwa kweli leo anapata 1,150 na bonasi ya 100, yaani 1,250. Amehama kazi ili apoteze 50 kila mwezi, kabla hata hatujagusa bima. Na ikiwa kazi kama hiyo hulipwa kati ya 1,700 na 1,900 kwingineko, pengo ni kubwa zaidi, wala hataliona kwa sababu mazungumzo yote yalianzia kwenye karatasi yake.

Namba ya kutayarisha basi ni ile unayoitaka kwa kazi mpya, kwa mshahara ghafi, ikiwa na chini na juu. Iangalie kazi yenyewe: matangazo ya nafasi zinazofanana yaliyotaja mshahara, watu wanaofanya kazi hiyo, mawakala wengine. Mhasibu wetu ataandika 1,700 hadi 1,900. Kima cha chini kiwe kile ambacho ukipewa utakubali kweli, kwa sababu wengi watakishika hicho.

Hatua ya nne: jibu la kwanza

Jibu kwa barua pepe hata kama uliombwa kwa simu au WhatsApp, ili kiwango ulichotaja kibaki kwenye maandishi. Liwe fupi. Liwe na mambo manne kwa mpangilio huu: unaitaka kazi, kiwango unachotarajia, lini utatoa uthibitisho, na swali lako kuhusu bajeti yao. Mfano:

> Habari za kazi Bi. Wakala,
>
> Nashukuru kwa ujumbe wako. Nafasi hii nimeipenda na niko tayari kwa usaili wiki hii.
>
> Kuhusu malipo, kwa majukumu mliyoyaeleza natarajia mshahara ghafi wa kati ya 1,700 na 1,900 kwa mwezi. Unaweza kumpa mteja wako kiwango hicho.
>
> Hati za mshahara zina taarifa zangu binafsi, hivyo huzitoa katika hatua ya uhakiki, baada ya ofa ya maandishi. Tukifika hapo nitatoa uthibitisho wa ajira yangu bila kuchelewa.
>
> Naomba kufahamu: bajeti iliyopangwa kwa nafasi hii ni kiasi gani? Tukijua sasa kama tunakaribiana, hatutapotezeana muda.

Kiwango kimetangulia kabla ya kukataa, kwa hiyo msomaji anapofika kwenye "baada ya ofa" tayari ana kitu mkononi. Neno "siwezi" halipo. Kilichoahidiwa pia ni uthibitisho wa ajira, si hati za mshahara. Chaguo la karatasi linabaki kwako. Na swali la bajeti limewekwa mwishoni kwa sababu swali la mwisho ndilo hujibiwa.

Kosa la kawaida ni kuandika aya tatu za kujieleza: usiri, sera, uzoefu mbaya wa nyuma, haki. Kila sababu unayoongeza ni mlango wa mabishano. Moja inatosha.

Kama maombi yanafanyika kwenye fomu ya mtandaoni inayokataa kusonga bila faili, tengeneza ukurasa mmoja wenye jina lako na sentensi isemayo kwamba uthibitisho wa mshahara utawasilishwa baada ya ofa ya maandishi, uhifadhi kama PDF, uupakie hapo. Sehemu ya "mshahara wa sasa" ikikubali maneno, andika kiwango unachotarajia na useme wazi kwamba ndicho unachotarajia, si unacholipwa leo. Ikikubali namba pekee, weka 0 na ueleze kwenye sehemu ya maoni. Usiweke pale namba unayotarajia bila maelezo, kwa sababu itasomeka kama unadai ndiyo unayolipwa leo, na itakurudia siku ya uhakiki.

Hatua ya tano: akisisitiza

Wengi huridhika na jibu la kwanza. Wengine hupiga simu. Mazungumzo huenda hivi:

"Dada, nimeona barua yako, lakini mteja hawezi kukuita bila hati. Ni utaratibu wao."

"Nimekuelewa kaka. Hati hizo mteja anazitumia kwa kazi gani katika hatua hii?"

"Wanataka kujua kama mko kwenye kiwango kimoja."

"Kwa hilo nimeshataja kiwango changu. Kiko ndani ya bajeti yao?"

Hapo nyamaza umsubiri. Akisema kiko ndani, sababu aliyoitoa mwenyewe imekwisha, na unaweza kuuliza tarehe ya usaili. Akisema kiko juu, umejua bei bila kutoa karatasi. Mnaweza kuongea au kuagana. Akisema hajui bajeti, mwombe aulize, umpe na maneno ya kwenda nayo: "Mwambie mgombea anatarajia 1,700 hadi 1,900 na atahakikiwa baada ya ofa." Wakala mwenye sentensi iliyokwisha kutengenezwa huifikisha. Asiye nayo humwambia mteja "amekataa", na neno hilo linakuharibia.

Jibu jingine utakalolisikia ni "wagombea wengine wote wametuma". Huenda ni kweli. Huna haja ya kubisha, sema tu kwamba wewe utatoa yako kwenye uhakiki.

Wakirudi mara ya tatu na kusema bila hati hakuna usaili, umefika mahali pa kuamua, na uamuzi mzuri unategemea hali yako. Kama una kazi na nafasi hii si ya pekee, tunashauri uiache. Kampuni inayoanza hivi kabla hamjaonana itapanga na nyongeza zako kwa mtindo huohuo. Kama huna kazi, au nafasi ni adimu katika fani yako, kutoa si aibu, ila toa kwa masharti mawili: wakutajie bajeti kwa maandishi kabla, na utume hati moja ya karibuni iliyofichwa yasiyowahusu, pamoja na maelezo ya bonasi na manufaa yasiyoonekana humo.

Kuna hali moja ambayo hati inakusaidia wewe. Ikiwa unalipwa juu ya kile wanachoelekea kukupa, na unataka waone kwamba nambari zako si za kutungwa, itoe mapema kwa hiari yako. Hapo karatasi inavuta bei juu.

Hatua ya sita: ukituma, ficha kwa njia inayoficha kweli

Hapa ndipo watu makini huumia, kwa hiyo twende polepole.

Acha yaonekane jina lako, jina la mwajiri, mwezi, mshahara wa msingi, posho na jumla ghafi. Funika akaunti ya benki, namba ya mlipa kodi, namba ya pensheni, namba ya mfanyakazi, anwani, na makato yote binafsi: mkopo, michango ya chama cha wafanyakazi, makato ya amri ya mahakama, bima ya wategemezi. Makato hayo husimulia maisha yako. Anayejua una mkopo mkubwa anajua pia huwezi kukaa muda mrefu bila kazi. Funika na kiasi kilichoingia benki, maana ukikiacha, makato yanapatikana kwa kutoa tu.

Njia inayoonekana nyepesi ni kufungua PDF na kuchora kisanduku cheusi juu ya maandishi. Programu nyingi huweka kisanduku hicho juu kama kifuniko, na maandishi yanabaki chini yake vilevile. Jaribu mwenyewe: fungua faili uliyoificha, bonyeza Ctrl+A, kisha Ctrl+C, ubandike kwenye ukurasa mtupu. Namba ya akaunti ikitokea pale, hukuficha kitu. Kwenye simu hatari ni nyingine: kalamu ya kuangazia rangi nyeusi hupitisha mwanga kidogo, na picha ikiongezwa mwangaza, tarakimu hurudi.

Inayofaa ni hii. Piga picha ya skrini ya hati, paka maumbo yaliyojaa rangi nyeusi kabisa juu ya picha, ihifadhi kama picha mpya, ndipo uigeuze kuwa PDF. Picha haina maandishi ya kunakiliwa. Au ichapishe, bandika vipande vya karatasi nene juu ya sehemu hizo, kisha uiskani. Usiipake wino tu na kuiskani, maandishi huweza kuonekana kupitia wino.

Angalia na jina la faili, kwa sababu mifumo ya mishahara hupenda kuweka namba ya mfanyakazi humo. Na kama hati yako hufunguliwa kwa nenosiri, kumbuka nenosiri hilo mara nyingi ni tarehe yako ya kuzaliwa au namba ya kitambulisho. Ukiituma kama ilivyo pamoja na nenosiri, umetoa hicho ulichokuwa unakificha. Toleo la picha huondoa tatizo hilo lote.

Usitume taarifa ya benki badala ya hati ya mshahara. Watu huiona kama karatasi ya kawaida, lakini inaonyesha unalipa kodi ya nyumba kiasi gani, unamtumia nani pesa, na umebakiwa na nini tarehe 20.

Kama ulishataja namba isiyo kweli

Mhasibu wetu, kwa woga, aliwahi kusema kwa simu kwamba analipwa 1,500. Sasa wanataka uthibitisho. Asithubutu kuibadilisha PDF. Hiyo ni kughushi nyaraka, na hugunduliwa kwa urahisi usiotarajiwa. Hati nyingi zina safu ya jumla ya mwaka hadi sasa. Ukibadilisha mshahara wa Julai kutoka 1,150 hadi 1,500 na jumla ya miezi saba ikabaki 8,050, anayejua kugawanya atapata 1,150. Kodi iliyokatwa nayo hailingani na mshahara mpya. Isitoshe, katika baadhi ya nchi mwajiri mpya hupokea taarifa ya kodi ya kazi iliyopita, na pale namba ni ya kweli. Mtu anaweza kufukuzwa kwa hilo hata baada ya kuanza kazi.

Njia iliyobaki ni kurekebisha mapema, kabla ya kutuma chochote: "Nilipotaja mshahara wangu kwa simu sikuwa sahihi. Mshahara ghafi ni 1,150. Pamoja na bonasi na michango ya mwajiri, jumla ni 1,410. Kiwango ninachotarajia kwa nafasi hii kinabaki 1,700 hadi 1,900." Inaumiza kuandika, na wengine watakuacha. Lakini kosa lililosahihishwa na mwenyewe lina uzito tofauti na lile lililofumwa.

Hatua ya saba: ofa imekuja, sasa wanataka uthibitisho

Uliahidi, kwa hiyo timiza. Kwanza lakini soma kilichoandikwa. Ofa nyingi hutolewa kwa sharti la uhakiki. Uliza kwa barua pepe: "Uhakiki huu unathibitisha kitu gani hasa, na kiasi kilichomo kwenye ofa kinabaki kilivyo?" Kama hukuwahi kutaja mshahara wako wa sasa, hakuna namba yako ya kuhakikiwa. Kilichopo ni kwamba umeajiriwa, tangu lini, na kwa cheo gani. Hayo yanathibitishwa na barua ya ajira yenye mshahara uliofunikwa, au barua ya utumishi kutoka kwa mwajiri wako ikiwa unaweza kuiomba bila kujitangaza kwamba unaondoka. Anza na hizo. Wakisema wanataka hati ya mshahara, tuma moja, iliyofichwa kama tulivyoeleza.

Andika pia sharti hili waziwazi: wasiwasiliane na mwajiri wako wa sasa kabla hujawapa ruhusa kwa maandishi. Makampuni ya uhakiki hupiga simu haraka kuliko unavyodhani, na bosi akijua kabla yako, huna ofa kamili wala huna kazi tulivu.

Ikitokea wameona hati kisha wakashusha kiasi kilichokuwa kwenye ofa, jibu lako liwe la mistari miwili: ofa ya tarehe fulani ilipangwa kwa majukumu ya nafasi, majukumu hayajabadilika, na bado uko tayari kuanza kwa kiasi kile. Wape siku tatu za kazi wajibu.

Katika kipindi hiki chote usiandike barua ya kuacha kazi. Ofa yenye sharti la uhakiki inaweza kuondolewa, na notisi ukishaitoa hairudi mfukoni kwa urahisi. Subiri barua pepe inayosema uhakiki umekamilika na ofa haina sharti lililobaki, mkataba uwe umesainiwa na pande zote mbili na kiasi kiwe kimesomeka kwa tarakimu na kwa maneno. Siku hiyo toa notisi, na kwa wakala uliyemwachia hati zako bila kupata kazi, andika mstari mmoja wa kumwomba azifute na akuthibitishie kwamba amefanya hivyo.